Miguu ya nyuma ya papi mkubwa: kutambua tatizo la nyonga kabla umri wa tiba haujapita

Mwongozo huu ni wa mwenye Jamani Shepadi, Rotwaila, Labrado, Boaboeli au mbwa mwingine mzito wa umri wa miezi minne hadi mwaka mmoja, ambaye miguu ya nyuma imeanza kumsumbua. Umri huo tumeuchagua makusudi. Mbwa mzee mwenye nyonga mbovu hatapoteza kitu ukimpeleka kwa daktari wiki ijayo badala ya wiki hii. Papi naye ana njia kadhaa za tiba, na kila moja ina umri wake. Ukipita, haurudi.

Papi wa aina hizi huzaliwa nyonga zikiwa sawa kwa macho, hata kwenye eksrei. Kinachorithiwa ni ulegevu. Kano na mfuko unaoshika kichwa cha fupa la paja ndani ya kikombe cha nyonga haukazi vya kutosha, kwa hiyo kila papi anapokanyaga, kichwa kinachomoka kidogo kisha kinarudi. Mfupa ukiwa bado laini, kikombe kinakua kikiwa kipana na kifupi, na kichwa kinapoteza umbo lake la mviringo. Ulegevu huo ndio disiplasia. Baridi yabisi, yaani gegedu kulika na mfupa kuota vijiti pembeni, huja baadaye kama matokeo yake. Damu ya ukoo ndiyo inayoleta ugonjwa, lakini uzito na kasi ya kukua ndivyo vinavyoamua utakuwa mkali kiasi gani.

Anaruka miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja

Hii ndiyo dalili ambayo wenye mbwa huiona kwanza, na mara nyingi huichekea wakidhani ni mchezo. Papi akikimbia, miguu ya nyuma haipishani bali inasukuma pamoja kama ya sungura. Kwa kufanya hivyo anagawa mzigo kwa nyonga zote mbili na kupunguza kunyoosha paja kuelekea nyuma, mwendo unaouma kuliko mingine yote.

Mpige video kwa simu kutoka nyuma na kutoka ubavuni, akitembea kwa kamba mwendo wa kawaida, kisha akikimbia polepole. Daktari akimwona papi kwenye chumba cha kliniki, woga humfanya afiche maumivu, na video ya sekunde thelathini itamwambia mengi kuliko maelezo yako. Angalia mambo matatu. Kwanza, je, kiuno kinayumba kulia na kushoto kupita kiasi? Pili, akisimama, miguu ya nyuma imebanana huku kifua na mabega yakionekana yamebeba mwili? Tatu, pitisha viganja juu ya mapaja yote mawili kwa wakati mmoja. Paja la papi mwenye afya limejaa. La mwenye maumivu huwa bapa, na la upande unaouma zaidi huwa dogo kuliko mwenzake.

Kuna dalili nyingine ndogo zinazoambatana na hizi: anachelewa kuamka asubuhi, hasa kwenye baridi ya Julai, anasita mbele ya ngazi au mlango wa gari, na baada ya kucheza sana Jumapili anachechemea Jumatatu. Wakati mwingine akitembea unasikia mlio mzito kiunoni. Ni kichwa cha fupa kikirudi kwenye kikombe.

Anachechemea, lakini si lazima iwe nyonga

Hapa ndipo makosa mengi hutokea Nairobi, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayofanana na hili na baadhi yake yana tiba rahisi.

Mguu ukibadilika, leo wa nyuma, wiki ijayo wa mbele, na papi anapiga kelele ukibonyeza katikati ya mfupa mrefu wala si kwenye kiungo, shuku uvimbe wa ndani ya mifupa unaowapata Jamani Shepadi wengi kati ya miezi mitano na kumi na minane. Huo huisha wenyewe, na kazi ya daktari ni kupunguza maumivu tu.

Akiwa na homa, amekosa hamu ya kula, viungo vimevimba au ufizi umepauka, swali la kwanza ni kupe. Magonjwa ya kupe kama erlikia na anaplazima huleta maumivu ya viungo, na papi anaweza kuwa nayo pamoja na nyonga mbovu. Kipimo cha damu kifanyike kabla hujalipia eksrei.

Akikaa na kuutupa mguu mmoja pembeni badala ya kuukunja chini yake, daktari aanze na goti. Akiburuta vidole hadi kucha zinalika upande wa juu, kuna hitilafu ya mishipa ya fahamu au uti wa mgongo, maana nyonga pekee haimfanyi mbwa asahau mguu wake uko wapi.

Kuna pia ugonjwa wa papi wa ugali na matumbo, na tutauzungumzia kwa kirefu kwa sababu mara nyingi huitwa disiplasia bila kupimwa. Papi aliyeachishwa maziwa akawekwa kwenye ugali, mapafu, matumbo na supu anapata fosforasi nyingi na kalsiamu karibu na sifuri. Mwili unahitaji kalsiamu kwenye damu ili moyo na misuli vifanye kazi, kwa hiyo unaikopa kutoka kwenye mifupa. Mifupa inakuwa myembamba, inauma, na inaweza kuvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Papi huyu hataki kusimama kabisa, analia ukimshika mahali popote, na miguu yake hupinda. Eksrei huonyesha kuta za mifupa zilizofifia hadi karibu zifanane na nyama iliyozizunguka. Asifanyishwe mazoezi wala asipelekwe kwenye upasuaji. Anahitaji chakula kilichokamilika na wiki kadhaa za kutulia mahali padogo.

Chakula: kosa la upande wa pili

Mwenye mbwa akisikia habari ya kalsiamu hukimbilia agroveti. Kama papi wako anakula chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa ajili ya papi wa aina kubwa, unga huo wa kalsiamu unamdhuru. Mbwa mzima akizidishiwa kalsiamu, utumbo wake huikataa. Papi aliye chini ya miezi sita hivi hana uwezo huo, hufyonza sehemu kubwa ya kile anacholetewa. Kalsiamu ikizidi, gegedu linachelewa kugeuka mfupa, na viungo vinajengeka vibaya.

Soma pakiti. Unatafuta kalsiamu ya asilimia 1.0 hadi 1.5, na kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo, isipite mara mbili yake. Ukikuta asilimia 1.2 kwenye chakula chenye 3,700 kcal kwa kilo, papi anapata takriban gramu 3.2 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000, na hicho ni kiwango kizuri. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa kalsiamu kabonati kinabeba gramu tano hadi sita za kalsiamu tupu. Kwa papi anayekula gramu 440 za chakula hicho kwa siku, ambazo tayari zina gramu 5.3, umeongeza mara mbili kwa mkono mmoja.

Anayepika nyumbani hali yake ni kinyume: lazima aongeze. Kijiko kidogo cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini kina takriban gramu mbili za kalsiamu, na papi wa kilokalori 1,100 kwa siku anahitaji gramu tatu na zaidi kidogo, yaani kijiko kimoja na nusu. Hilo linatatua kalsiamu tu. Zinki, shaba na vitamini D bado zinakosekana kwenye sufuria ya ugali na nyama, ndiyo maana kwa miezi hii ya kukua tungependelea pakiti kama mfuko unaruhusu.

Protini haina hatia. Watu wengi bado wanapunguza nyama kwa kudhani ndiyo inayoharibu nyonga, na majaribio kwa papi wa Greti Deni hayakuunga mkono hofu hiyo. Kinachoharibu ni jumla ya nishati. Jaribio linalojulikana zaidi lilitumia Labrado 48 waliolelewa kwa jozi za ndugu, mmoja akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake maisha yote. Matokeo kuhusu muda wa kuishi yalichapishwa 2002. Waliokula kidogo walikuwa na disiplasia pungufu, baridi yabisi iliwachelewa kwa miaka, na waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Kwa vitendo, papi wa aina kubwa asiwe mnene kama wengi wanavyompenda awe. Mbavu uzihisi mara moja kwa vidole bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Bakuli lisikae wazi mchana kutwa. Chakula kipimwe kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kikombe kimoja huweza kubeba gramu 90 leo na 120 kesho, kutegemea nani kajaza.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Chukua Jamani Shepadi dume wa miezi saba, analindishwa boma Ruiru, uwanja wa kabro, analala kwenye saruji. Ana kilo 33, na mbavu hazihisiki bila kubonyeza. Anaruka kama sungura tangu akiwa na miezi sita na asubuhi anaamka kwa awamu mbili, kwanza mbele, kisha nyuma. Chakula chake ni gramu 440 za pakiti, nusu lita ya maziwa, kipande cha ugali jioni, na kijiko cha kalsiamu.

Hesabu ya chakula inaanza na uzito anaopaswa kuwa nao, si alio nao. Tuseme kilo 28. Nishati ya msingi ni 70 × 28^0.75, yaani kama kilokalori 850. Kwa papi wa umri huu aliyenenepa zidisha kwa 1.6 upate karibu 1,360. Yeye anapata 1,630 kutoka kwenye pakiti, takriban 300 kutoka kwenye maziwa na nyingine zaidi ya 300 kutoka kwenye ugali. Maziwa, ugali na kalsiamu vinaondolewa siku hiyohiyo, na pakiti inashuka hadi gramu 370. Papi anayekua hapunguzwi uzito kwa haraka kama mbwa mzima. Lengo ni asiongezeke kwa wiki kadhaa huku urefu ukimfikia. Apimwe kila baada ya wiki mbili: mbebe mkajipime pamoja, kisha utoe uzito wako.

Kliniki, damu inapimwa kwa magonjwa ya kupe na inatoka safi. Daktari ananyoosha mguu mmoja mmoja kuelekea nyuma, na papi anageuka kutazama. Halafu analazwa kwa dawa ya usingizi, na hatua hii usikubali irukwe. Papi aliye macho hukaza misuli, nyonga iliyolegea ikaonekana imeshika, na eksrei iliyopinda kidogo tu husomwa vibaya. Akiwa amelala, daktari anasukuma paja kuelekea mgongoni hadi kichwa kichomoke, kisha anafungua mguu pembeni na kusikiliza kikirudi kwa mgoto. Huo ndio mtihani wa Otolani. Usiujaribu nyumbani.

Kwa huyu wa Ruiru mgoto uko pande zote mbili, na eksrei inaonyesha vikombe vifupi pamoja na mstari wa mfupa mpya kwenye shingo ya fupa la paja la kushoto. Mstari huo ndio unaoamua mambo yanayofuata.

Upasuaji upi bado uko wazi

Wa kwanza kwa umri ni kuunguza sehemu ya ukuaji iliyo katikati ya nyonga kwa chini, kati ya wiki 12 na 16, kwa ukomo wiki 20. Sehemu ya chini ikisimama kukua na ya juu ikiendelea, vikombe vinageuka vyenyewe kufunika vichwa. Ni upasuaji mdogo. Ugumu wake ni kwamba katika umri huo papi haonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo anayefaidika ni yule aliyepimwa mapema kwa sababu ya ukoo wake. Kipimo cha PennHIP, kinachosoma ulegevu kwa namba, kinawezekana kuanzia wiki ya 16. Kabla ya hapo daktari hutumia mtihani wa Otolani chini ya dawa ya usingizi. Papi aliyefanyiwa hivi asizalishwe, maana nyonga zake zitaonekana nzuri huku damu ikibaki ileile. Mbwa wetu ameshapita hapa.

Wa pili ni kukata mfupa wa nyonga mahali pawili au patatu, kuzungusha kikombe na kukifunga kwa bamba na skrubu. Hufanywa kati ya miezi mitano na kumi hivi, kwa sharti kwamba kiungo hakina baridi yabisi, kwa sababu hakuna faida kukifunika vizuri kichwa ambacho tayari kimelika. Mstari ule kwenye eksrei unaufunga mlango huu upande wa kushoto, na upande wa kulia daktari makini atasita. Dalili zilianza akiwa na miezi sita. Angeletwa wakati huo, huenda jibu lingekuwa tofauti.

Wa tatu ni kuondoa kichwa na shingo ya fupa la paja na kuacha misuli na kovu vishike mguu. Unafanyika umri wowote, hauhitaji vifaa vya bei, na ndio ambao madaktari wengi wa wanyama wadogo wameuzoea. Kwa mbwa wa kilo 15 matokeo ni mazuri sana. Kwa mbwa wa kilo 35 maumivu huisha lakini mguu hubaki mfupi kidogo na dhaifu, hasa akiwa mnene. Mambo mawili huuharibu. La kwanza ni ncha ya mfupa iliyoachwa wakati wa kukata, ikaendelea kusugua, kwa hiyo dai eksrei ya baada ya upasuaji uione. La pili ni huruma ya mwenye mbwa. Akifungiwa apumzike mwezi mzima, kovu hukakamaa na mguu haunyooki tena. Kunja na kunyoosha mguu polepole mara 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, kuanzia siku za mwanzo chini ya dawa ya maumivu, na mtembeze kwa kamba mwendo wa taratibu sana ili alazimike kuukanyaga. Asipogusisha vidole chini kufikia wiki ya pili, rudi kwa daktari.

Wa nne ni nyonga bandia, kikombe na shina la chuma, baada ya mifupa kumaliza kukua. Hakuna unaorudisha mguu karibu na ukawaida kama huu, na hakuna unaoshinda huu kwa gharama. Nyonga bandia inaweza kuchomoka au kuingia maambukizi, na mbwa hukaa wiki nane hadi kumi na mbili akitembea kwa kamba tu. Kabla ya kukubali, hakikisha daktari ana leseni ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kisha muulize ameweka ngapi kwa mikono yake na nani atashughulikia ikichomoka. Rufaa ya kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, ni mahali pazuri pa kupata maoni ya pili kabla ya kisu chochote.

Kwa mbwa wa Ruiru, ushauri wetu ni kusubiri kwa mpango. Wengi wa umri wake hupata nafuu wanapofikia mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kwa sababu mfuko wa kiungo hunenepa na kukaza. Wenye mbwa huiita nafuu hiyo kupona, wakaacha mizani na kamba, na mbwa anarudi kliniki na miaka minne akiwa na baridi yabisi kamili. Eksrei irudiwe akifikisha miezi kumi na miwili hadi kumi na minne. Akiwa bado anahitaji dawa kila siku licha ya uzito kushuka, hapo ndipo nyonga bandia au kuondoa kichwa kunajadiliwa.

Dawa, mafuta na mazoezi wakati wa kusubiri

Dawa ya maumivu iwe ya mbwa na iandikwe na daktari. Karprofeni hutolewa miligramu 4 kwa kilo kwa siku, yaani kama 130 kwa mbwa wetu, baada ya kupima ini na figo. Akitapika, akikataa chakula au kinyesi kikiwa cheusi, acha mara moja na upige simu. Ibuprofeni na diklofenaki za duka la dawa la watu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Sindano ya deksamethasoni ya agroveti nayo humfanya akimbie kesho yake, na ikikutana na karprofeni mwilini vidonda vya tumbo havikawii. Mwambie daktari kila kitu alichodungwa wiki zilizopita, hata kama unaona aibu kutaja aliyemdunga.

Katika virutubisho, mafuta ya samaki ndiyo yenye ushahidi mzuri: miligramu 70 hadi 100 za EPA na DHA, yaani mafuta ya omega-3, kwa jumla kwa kila kilo ya mbwa, ukianza kwa robo ili asiharishe. Soma kiasi cha EPA na DHA, si uzito wa kidonge. Mafuta ya ini la samaki si mbadala, kwa sababu ukifikia kiasi hicho utakuwa umemzidishia vitamini A na D. Glukosamini haina madhara makubwa, lakini kama pesa ni za kitu kimoja, nunua mafuta ya samaki na mizani.

Mazoezi yawe mafupi ya mara kwa mara: dakika 15 hadi 20 kwa kamba, mara mbili au tatu kwa siku, kwenye nyasi au udongo. Kurusha mpira kunakomfanya abreki ghafla na kugeuka kuachwe. Utafiti wa Norwe uliofuatilia papi wa aina kubwa uliona kwamba waliopanda ngazi kabla ya miezi mitatu walipata disiplasia zaidi, na waliocheza huru kwenye ardhi laini walipata kidogo. Anayeishi ghorofani ambebe papi, angalau hadi umri huo upite. Ndani ya nyumba weka mikeka juu ya vigae na teraso, na nje mpe kitanda cha mbao chenye godoro, kilichoinuliwa kidogo kutoka kwenye saruji.